Retinoli kwa Ngozi Laini: Tuanze Polepole

Mabibi na mabwana wa Moshi, habari za jioni. Leo nazungumzia retinoli kwa kazi moja tu: kulainisha ngozi ya uso iliyoparara na kupunguza mistari midogo ya pembeni mwa macho na kwenye paji la uso. Anayetafuta weupe hataupata hapa, retinoli si mkorogo.

Retinoli ni aina ya vitamini A. Ukishaipaka, ngozi yenyewe huigeuza kidogo kidogo mpaka iwe asidi ya retinoiki, na asidi hiyo ndiyo inayofanya kazi. Ngozi ya juu huanza kujibadilisha upesi zaidi, ndiyo maana ulaini hutangulia, kama wiki ya 8 hadi ya 12. Mistari huchelewa kwa sababu chanzo chake kiko chini, kwenye kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi uimara, na kolajeni haijengwi kwa mwezi mmoja. Ipe miezi 3 hadi 6. Mikunjo iliyozama haitafutika kwa retinoli.

Tuchukue mama wa miaka 42, maji ya kunde, anayeuza vitenge pale Mbuyuni. Aanze na asilimia 0.1 au 0.2. Umoja wa Ulaya umeiwekea retinoli ya krimu za uso ukomo wa asilimia 0.3, kwa hiyo muuzaji anayekupa ya asilimia 1 akikwambia ni ya kuanzia, mrudishie. Achague tyubu au chupa ya pampu isiyopitisha mwanga. Kopo la mdomo mpana liache, maana mwanga na hewa huiharibu retinoli kabla hujaimaliza.

Apake Jumatatu na Alhamisi, usiku tu. Anawe kwa sabuni ya upole, ajifute, kisha asubiri kama dakika 20 uso ukauke kabisa, kwa sababu ngozi yenye maji hunywa dawa haraka na huwashwa zaidi. Wakati anasubiri, apitishe mafuta ya mgando kidogo kwenye kona za pua, kona za mdomo na kope. Retinoli yenyewe ni punje moja ya njegere kwa uso mzima: doa kwenye paji, doa kila shavu, doa kidevuni, halafu asambaze. Mwisho losheni isiyo na manukato. Baada ya wiki 4 bila shida, aende usiku mmoja apake, mmoja apumzike. Kila usiku si lazima.

Mambo huharibika wiki ya pili. Mama haoni badiliko, anaongeza punje tatu, tena anapaka siku nne mfululizo. Jumamosi pembeni mwa mdomo pamechubuka. Ukavu kidogo unaotulia kwa losheni ni kawaida. Lakini losheni ile ile ya kila siku ikianza kuchoma, ngozi ikavuta, ikawa na joto na kung'aa kama imepakwa vanishi, kinga ya ngozi imevunjika. Kwetu weusi usingoje wekundu, mara nyingi hauonekani vizuri. Na hapa ndipo hasara yetu ilipo: ngozi nyeusi ikiwashwa huacha madoa, na doa hukaa miezi wakati mchubuko umepona kwa wiki moja. Umekuja kutafuta ulaini, unaondoka na kazi nyingine.

Asimamishe kwa wiki 1 hadi 2, abaki na sabuni ya upole na losheni tu. Kisha arudi na punje moja mara moja kwa wiki. Skrabu, limao na asidi nyingine za uso zikae kando.

Sasa jua. Tuko karibu na ikweta, mita mia nane na kitu juu ya bahari, na wenzetu wa Arusha wako juu zaidi, kama 1,400. Mwezi wa saba mlima unajificha siku nzima, watu wanadhani hakuna jua. Miale inayozeesha ngozi hupenya mawingu. Kila asubuhi apake sanskrini ya SPF 30 au zaidi, mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Akipaka kidogo, ile 30 ya kwenye tyubu haipati. Akiwa mezani sokoni arudie kila saa mbili, na mwavuli au kofia pana juu. Asiyeweza sanskrini, bora retinoli aiache: ataendelea kujenga kolajeni usiku na kuivunja mchana.

Mjamzito, au anayepanga mimba, asiiguse. Anayenyonyesha angoje.

Nasikia swali huku mbele: shingo je? Ngozi yake ni nyembamba, huwashwa mapema. Maliza kwanza wiki 8 za uso, halafu shingoni upitishe tu kile kilichobaki vidoleni.