Namna ya Kuutambua Wimbo Uliofunikwa na Sauti ya Msemaji

Karibuni, watazamaji. Klipu mnayoisikia sasa ina urefu wa sekunde 41. Ndani yake mwanamume anasimulia safari yake, na chini ya maneno yake, kwa mbali sana, kuna gitaa na kundi la waitikiaji. Niliicheza mara nne mbele ya programu ya kutambua nyimbo, na mara zote nne sikupata jibu. Leo nitawaonyesha nilivyoupata wimbo huo bila kujaribu kuisafisha klipu, kwa maana kusafisha ndilo kosa la kwanza ambalo wengi wetu hulifanya. Athari ya kupunguza kelele hudhani kwamba kilicho hafifu ni taka, na katika klipu kama hii kilicho hafifu ndicho tunachokitafuta.

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba mnayo faili ya awali. Klipu iliyotumwa na kutumwa tena kupitia simu hubanwa upya kila inapopita, na ubanaji huanza kwa kutupa sauti ndogo zilizojificha nyuma ya sauti kubwa, yaani wimbo wenyewe. Vilevile, msiicheze klipu kwenye spika huku mkiirekodi kwa simu nyingine, kwani mwangwi wa chumba utaongezeka juu ya matatizo mliyonayo.

Sasa ninaifungua faili katika programu ya Audacity, ambayo hupatikana bila malipo. Kama mnavyoona, kuna mawimbi mawili: la juu ni la chaneli ya kushoto na la chini ni la kulia. Mtu anapotengeneza video, kwa kawaida huiweka sauti ya msimulizi katikati, hivyo huwa sawasawa katika chaneli zote mbili. Wimbo wa studio, kwa upande wake, huwa umetandazwa, gitaa likielemea huku na waitikiaji kule. Basi tukiitoa chaneli moja kwa nyingine, kilicho sawa pande zote mbili hujifuta, na kilicho tofauti hubaki.

Ninafungua menyu ya wimbi hili na kuchagua Split Stereo to Mono ili kuzitenganisha chaneli. Kisha ninaichagua ile ya chini peke yake na kutumia athari iitwayo Invert, ambayo huligeuza wimbi juu chini. Sasa ninazicheza zote mbili kwa pamoja. Sikilizeni: msimulizi amegeuka kuwa mwangwi mwembamba, na gitaa limejitokeza mbele. Anayependelea kuandika amri anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa mstari mmoja:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -af "pan=mono|c0=0.5*c0-0.5*c1" tofauti.wav
```

Matokeo yanaweza kuwa ya namna tatu, na kila moja ina maana yake. Mkisikia wimbo ukiwa na mlio kama wa maji yanayobubujika, ni dalili kwamba faili ilibanwa sana. Endeleeni tu, kwa kuwa mara nyingi kilichobaki kinatosha. Mkisikia wimbo bila besi na bila mwimbaji kiongozi, msishangae, kwa sababu hao pia huwekwa katikati katika nyimbo nyingi, kwa hiyo wameondoka pamoja na msimulizi. Na mkisikia kimya kitupu, klipu yenu ni ya mono hata kama inaonyesha mawimbi mawili. Ndivyo zilivyo klipu nyingi ambamo wimbo ulikuwa ukipigwa chumbani wakati mtu anaongea na simu ikirekodi. Hapo njia hii haifai, na mtaitegemea hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni kutumia vituo vya msemaji. Katika klipu yangu msimulizi ananyamaza kuanzia sekunde ya 17 hadi ya 19, kisha kuanzia ya 24 hadi ya 27, na tena karibu na mwisho. Hapa nilikosea kwa muda mrefu: nilikuwa nikivikata vituo hivyo na kuviunganisha kimoja baada ya kingine ili nipate kipande kirefu cha muziki mtupu. Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikiziharibu alama ambazo programu huzitafuta. Avery Wang, mmoja wa waanzilishi wa Shazam, alieleza mwaka 2003 kwamba mfumo wao huchukua vilele vya nguvu katika mchoro wa sauti, huviunganisha viwili viwili, kisha huangalia kama vinaangukia katika mpangilio uleule wa wakati kama katika wimbo ulio kwenye hazina. Ukikata sekunde nne katikati, vilele vya kabla na vya baada ya mkato haviwezi tena kuunga mkono jibu moja.

Kwa hiyo msikate. Chagueni sehemu ambazo msemaji anaongea na kuzinyamazisha, huku urefu wa klipu ukibaki uleule. Ninazinyamazisha sasa katika ile faili ya tofauti, ninaihifadhi, kisha ninaicheza mbele ya programu ya kutambua nyimbo kuanzia sekunde ya 16. Safari hii jibu limekuja.

Msilipokee jibu hilo papo hapo. Nyimbo nyingi hutumia vipande vya ngoma au gitaa vilivyochukuliwa kutoka nyimbo nyingine, na programu inaweza kuwaletea ndugu wa wimbo badala ya wimbo wenyewe. Uwekeni wimbo uliopendekezwa chini ya klipu, linganisheni pigo moja la ngoma lililo wazi, kisha chezeni vyote kwa pamoja. Mapigo yakiendelea kuangukia mahali pamoja kwa sekunde kumi au zaidi, na waitikiaji wakiingia kwa wakati mmoja, ndio wenyewe. Yakianza pamoja kisha yakaachana taratibu, inawezekana kwamba mtengenezaji wa video aliuharakisha wimbo kidogo. Uharakishaji mkubwa zaidi huifanya programu isitambue chochote, na dawa yake ni kuipunguza kasi ya klipu kidogo kidogo na kujaribu upya.

Limebaki suala la mazungumzo ya simu, nalo lina ukaidi wake. Ikiwa wimbo ulikuwa ukipigwa upande wa anayerekodi, fanyeni kama nilivyoeleza kuhusu vituo. Lakini ikiwa ulikuwa upande wa pili wa laini, mambo hugeuka. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo besi na milio ya juu haikufika kabisa, na hakuna athari itakayoirudisha. Isitoshe, mtu anaponyamaza, simu yake huweza kuacha kutuma sauti halisi, na masikioni mwetu hujazwa mvumo bandia. Ndiyo maana katika rekodi za namna hii wimbo husikika mtu anapoongea na kutoweka anaponyamaza, kinyume kabisa na klipu yetu ya leo.

Katika hali hiyo sikio ndilo chombo kilichobaki. Rudieni kila kipande cha sekunde mbili au tatu mkiwa na spika za masikioni, andikeni maneno mnayoyasikia hata kama ni manne tu, na muyatafute mtandaoni yakiwa ndani ya alama za mnukuu. Anzeni na kiitikio, kwa kuwa hujirudia, na neno lililofunikwa na msemaji mara ya kwanza huenda likasikika wazi mara ya pili.