Juma Lenye Siku Mbili za Tano

Mabibi na mabwana, karibuni. Kabla sijasema lolote, naomba tuhesabu pamoja. Jumamosi, mosi. Jumapili, pili. Tatu, nne, kisha Jumatano. Halafu? Alhamisi. Sasa Alhamisi ni neno la Kiarabu, na maana yake ni siku ya tano. Kwa hiyo juma letu lina siku mbili za tano, zimekaa bega kwa bega, na ya sita haimo kabisa. Tunazitaja kila siku bila kushtuka.

Sababu ni kwamba ndani ya juma la Kiswahili mna hesabu mbili. Waarabu, kama Wayahudi kabla yao, huanza kuhesabu siku tunayoiita Jumapili. Kwao hiyo ni al-ahad, ya kwanza, na ukifika ya tano uko Alhamisi. Waswahili waliyachukua majina mawili, Alhamisi na Ijumaa, wakayaacha yalivyo. Siku nyingine tano wakazihesabu wenyewe, wakianzia siku inayofuata Ijumaa. Nimeanza hapa kwa makusudi, maana majina ya siku yanaonyesha juma lilitoka wapi na lilipita kwa nani.

Tuanze na swali gumu: kwa nini saba? Siku tumepewa na dunia inavyojizungusha. Mwezi tumepewa na mwezi wenyewe, mwaka tumepewa na jua. Juma halina kitu angani. Wengi watakuambia ni robo ya mwezi, na hata vitabu vizuri husema hivyo. Hebu tupime. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Gawanya kwa nne, unapata 7.4 hivi. Mabaki hayo yanaonekana madogo, lakini yanajilimbikiza: majuma 12 ni siku 84, ilhali miezi mitatu ya kuandama ni siku 88 na zaidi. Robo mwaka haijaisha, na tayari juma na mwezi wamepishana kwa siku nne.

Wababeli waliliona tatizo hilo. Walikuwa na siku za mkosi, tarehe 7, 14, 21 na 28, pamoja na 19, ambazo mfalme alikatazwa mambo kadhaa. Lakini mwezi mpya ukiandama, hesabu ilirudi moja. Hilo si juma. Juma linazaliwa pale mtu anapoamua kutomtazama tena mwezi, akahesabu saba, kisha saba, kisha saba, mwezi uandame usiandame. Wayahudi ndio waliofanya hivyo kwa Sabato yao. Siku sita walizipa namba tu. Ya saba peke yake ndiyo iliyopata jina.

Mzizi wa pili ni wa wanajimu, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo penye utamu. Watu wa kale waliona vitu saba vinavyotembea kati ya nyota zilizotulia. Walivipanga kwa mwendo, mzito kwanza: Zohali, ambayo huchukua miaka 29 hivi kulizunguka anga, Mshtarii, 12, Mirihi, karibu miwili, kisha Jua, Zuhura, Utaridi, na mwisho Mwezi, ambaye humaliza kwa siku 27 tu. Lakini huo si mpangilio wa siku za juma. Katika lugha kadhaa za Ulaya, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zilikuwa siku za Zohali, Jua na Mwezi. Nani aliwachanganya?

Hakuna aliyewachanganya. Wanajimu waligawa kila saa ya siku kwa mtawala mmoja, kwa zamu. Mtawala wa saa ya kwanza ndiye aliyeipa siku jina. Tufanye hesabu. Saa ya kwanza ni ya Zohali, ya pili Mshtarii, hadi ya saba, Mwezi. Saa ya nane Zohali anarudi, vivyo hivyo ya 15 na ya 22. Ya 23 ni Mshtarii, ya 24 Mirihi. Siku imekwisha. Saa ya kwanza ya kesho inamwangukia nani? Jua. Basi baada ya siku ya Zohali inakuja siku ya Jua. Anzeni sasa na Jua mhesabu saa 24 nyingine: mtaangukia Mwezi. Kutoka Mwezi, Mirihi. Kisha Utaridi, Mshtarii, Zuhura, na tumerudi kwa Zohali. Siri yote ni kwamba 24 ukiigawa kwa saba hubaki tatu, kwa hiyo kila siku tunasogea mbele hatua tatu. Laiti siku ingekuwa na saa 28, kila siku ingekuwa ya Zohali, na huyo ndiye waliyemwogopa kuliko wote!

Maelezo haya tunayo kutoka kwa mwanahistoria wa Roma, Kasio Dio, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3. Warumi wenyewe zamani walikuwa na mzunguko wa siku nane za gulio. Lakini kwenye kuta za Pompei, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, pamekutwa orodha ya siku kwa majina ya miungu ya sayari. Kwa muda mizunguko yote miwili ilienda sambamba. Mwaka 321 mfalme Konstantino akaamuru siku ya Jua iwe ya mapumziko, na ule wa siku nane ukafifia.

Huku juma likielekea mashariki. India, maandishi kwenye nguzo ya mawe ya Eran, ya mwaka 484, tayari yanataja siku ya juma. Siku ya Mirihi ya Warumi, yaani Jumanne, ni siku ya Mangal kwa Wahindi, na Mangal ni Mirihi. Nenda Japani: Jumanne ni siku ya moto, na nyota ya moto ni hiyohiyo Mirihi. Mtu anaweza kusema kila taifa lilijibunia lake. Namba saba, sawa, inawezekana. Lakini ule mpangilio uliozaliwa na mabaki ya tatu hauwezi kubuniwa mara tatu kwa bahati. Ulisafirishwa na wanajimu.

Likishaanza, juma halikatiki kirahisi. Mapinduzi ya Ufaransa yaliweka kipindi cha siku kumi, Wasovieti wakajaribu tano, kisha sita, yote yaliachwa. Hata kalenda iliporekebishwa mwaka 1582, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Tarehe kumi zilifutwa, juma halikuguswa.

Kuna mahali pamoja tu panapolitatiza: mstari wa tarehe, katikati ya bahari ya Pasifiki, ambao ukiuvuka siku hubadilika. Mwishoni mwa 2011 Samoa ilihama upande. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Waadventista Wasabato wa huko wakakwama. Siku ya saba sasa ni ipi: ile iliyoandikwa Jumamosi, au ile inayofikiwa kwa kuhesabu saba kutoka Sabato iliyopita? Kanisa lao lilifuata hesabu. Leo husali siku ambayo kalenda ukutani inaiita Jumapili, na wenzao wachache waliofuata kalenda walijitenga nao.