Saa ya ukutani ya zamani: namna ya kujua kama mashine na sanduku vilitoka kiwandani pamoja

Karibuni tena. Leo mezani nina saa ya ukutani ya Kijerumani, ya springi, yenye mlango wa kioo na pendulamu ya shaba. Niliinunua Mji Mkongwe, Unguja, nikalipa bei ya saa kamili. Baada ya kuifungua nikakuta ni saa mbili: mashine ya saa moja imetiwa kwenye sanduku la nyingine. Wenye kazi yetu huiita saa ya ndoa. Inatembea, inagonga, inapendeza ukutani, lakini haina thamani ya saa iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Muuzaji hakunieleza, na yamkini hata yeye hakuambiwa. Nitawaonyesha nilivyoigundua, hatua kwa hatua, ili nanyi muweze kuikagua saa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Vifaa ni vichache: tochi, rula au futi ya fundi cherehani, bisibisi, na simu yenye kuhesabu sekunde. Tangulia kutoa pendulamu. Ishike fimbo yake, inyanyue kidogo itoke kwenye ndoano, uilaze pembeni. Saa ikibebwa na pendulamu yake ndani, ile springi nyembamba inayoishikilia hukatika, na hapo utakuwa umeharibu mali ya mtu kabla hujainunua.

Sasa ndani ya sanduku. Watu wengi huanza na mashine. Mimi naanza na ubao wa nyuma, maana mbao huweka kumbukumbu ya kila skrubu iliyowahi kukaa pale. Mulika tochi kutoka ubavuni, siyo usoni kwa usoni. Mwanga wa ubavu unaonyesha mashimo hata yakiwa yamezibwa kwa nta na unga wa mbao na kupakwa vanishi. Tazama hapa, juu kidogo ya mabano yanayobeba mashine. Kuna mashimo manne yaliyozibwa, mawili kila upande, yamepangana kwa pembe nne. Nikiweka rula, upana wake haufanani na mabano yaliyopo sasa. Maana yake palikuwa na mabano mengine, na juu yake mashine nyingine, pana kuliko hii.

Hapa inabidi tutende haki. Shimo moja lisilo na kazi halithibitishi kitu. Huenda fundi alisogeza kengele, huenda mwenye nyumba alipigilia msumari wa kutundikia ufunguo. Lakini mashimo manne yaliyopangana kama miguu ya kiti yanahitaji maelezo, na maelezo ya kawaida ni kwamba kulikuwa na mashine nyingine iliyoondoka. Angalia pia kivuli. Kitu kikikaa juu ya mbao miaka mingi, mbao iliyo chini yake hubaki na rangi tofauti na ile inayopata mwanga na vumbi. Hapa unaona kivuli cha duara la kengele, na kengele ya sasa imekaa karibu vidole viwili chini yake.

Skrubu nazo zitazame. Ikiwa kichwa kina msalaba badala ya mfereji mmoja, hiyo si skrubu ya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu aina hiyo ilianza kuenea katika miaka ya 1930. Kwa skrubu peke yake usikatae saa, maana skrubu ya asili hupotea na fundi hutia aliyonayo. Ichukue kama ishara kwamba mkono ulipita hapo, uangalie sehemu hiyo kwa makini zaidi.

Tuitoe mashine. Legeza skrubu zake mbili za chini, ivute taratibu kwa mbele. Usifungue sahani zake za shaba hata kidogo. Springi iliyojaa ndani yake inaweza kukuvunja kidole. Tunataka tu kusoma mgongo wake. Hapa pana mishale miwili iliyopishana, alama ya kiwanda cha Hamburg-Amerikanische Uhrenfabrik, kwa kifupi HAU, cha Schramberg, kwenye Msitu Mweusi wa Ujerumani. Chini yake kuna namba: 34, kisha 116.

Hizi namba mbili ndizo zilizonifumbua macho, kwa hiyo nitakaa nazo kidogo. Mashine nyingi za Kijerumani za wakati ule zimepigwa chapa hivi. Ya kwanza ni urefu wa pendulamu kwa sentimita, na ya pili ni idadi ya mapigo kwa dakika, kila tik na kila tak ikihesabiwa peke yake. Kwa hiyo mashine hii inadai pendulamu ya sentimita 34, ipige mara 116 kwa dakika. Ikipiga pungufu ya hapo, saa itachelewa, hata ukiitia mafuta ya aina gani.

Chukua futi. Pendulamu iliyokuja na saa hii nimeipima, ni sentimita 43. Nimeitundika, nimehesabu dakika nzima: mapigo 100. Yanapungua 16 kwa kila dakika. Ndani ya saa moja mshale umebaki nyuma kwa dakika 8 hivi, na kwa siku nzima ni zaidi ya saa tatu. Nilipoinunua niliambiwa, "Inachelewa kidogo, ipeleke kwa fundi aisafishe." Usafi hauna uhusiano na jambo hili. Na ile nati ndogo iliyo chini ya pendulamu haiwezi kuliokoa. Ukipandisha lile duara la shaba sentimita nzima, unapata kama dakika 20 kwa siku. Mimi ningehitaji kulipandisha karibu sentimita 10, na uzi wa nati haufiki hata robo ya hapo.

Sasa jiulize: kwa nini mtu aliweka pendulamu ya 43 kwenye mashine inayotaka 34? Jibu liko chini ya sanduku. Unaona hiki kibao cheupe chenye mistari ya digrii? Ncha ya pendulamu inatakiwa icheze mbele yake, karibu kabisa, bila kukigusa. Kutoka kwenye ndoano hadi hapo ni sentimita 44. Pendulamu sahihi ya mashine hii ingeishia hewani, karibu sentimita 10 juu ya kibao, na mnunuzi yeyote angeona pengo. Basi pendulamu ndefu ilitiwa ili kuridhisha jicho, na mwendo wa saa ukaachwa upotee. Sanduku hili lilitengenezwa kwa pendulamu ndefu kuliko 34. Ukiweka hilo pamoja na yale mashimo manne ya nyuma, ushahidi umekamilika.

Kwa hiyo ukiwa dukani na huruhusiwi kutoa mashine, bado una kipimo. Omba saa itundikwe na iachwe itembee, hesabu mapigo dakika moja, kisha iache robo saa huku ukilinganisha na simu yako. Saa chafu huchelewa kwa dakika chache kwa siku au husimama. Saa inayoachwa nyuma dakika mbili ndani ya robo saa ina pendulamu ya mwenzake.

Uso wa saa tutaupitia upesi. Tazama matundu ya ufunguo. Kijiti cha kutilia ufunguo kinatakiwa kiwe katikati ya tundu lake. Kikiegemea upande mmoja, au tundu likiwa limechongwa kwa tupa ili ufunguo upite, uso huo ulikuwa wa mashine nyingine. Mshale wa dakika ufike kwenye mstari wa dakika, na wa saa uishie kwenye tarakimu. Mishale iliyobadilishwa hupunguza bei kidogo tu, na ukipata ya aina yake unaweza kuirudisha.

Jambo moja linawachanganya wengi, hasa huku pwani ambako saa nyingine ziliwekwa kwa hesabu yetu ya saa za Kiswahili. Ukikuta mshale uko kwenye tatu na kengele inagonga tisa, usihesabu kuwa ni kipuri kilichobadilishwa. Mashine nyingi za namna hii zina gurudumu la kuhesabu kengele ambalo halijui mshale uko wapi, na mtu akisogeza mishale bila kungoja igonge, vinapishana. Hilo ni la kurekebisha, halishushi thamani.

Na kengele yenyewe? Kitako chake kina nyota ya pembe nane, alama ya Junghans. Peke yake isingenitosha, kwa sababu kengele huhamishwa kirahisi, na viwanda hivi viwili vilivyokuwa mji mmoja vilikuja kuungana kufikia 1930. Nimeiweka mwisho makusudi. Wako wanaoanza na alama, wakiona hazifanani wanahukumu. Mimi naamini zaidi mashimo na vipimo.

Kwa saa za mezani, za Kimarekani hasa, kuna njia nyingine ninayoipenda. Seth Thomas walikuwa wakipiga chapa ya tarehe chini ya sanduku, mwaka ukiandikwa kinyume na kufuatiwa na herufi ya mwezi. Ukikuta 6091 C, soma kutoka kulia: 1906, Machi. Igeuze saa kabla ya kuifungua, kisha ulinganishe na alama ya mashine. Sanduku la Seth Thomas lenye mashine ya kiwanda kingine, kama Ansonia, halihitaji futi.

Mkumbuke pia, si kila kipuri kipya kinaua bei. Springi mpya, kamba mpya, ile springi nyembamba ya kushikilia pendulamu, vyote hivi huchakaa na kubadilishwa ni matunzo. Kinachoshusha thamani ni kile kinachobadilisha jibu la swali, "Hii ni saa gani?" Mashine, sanduku, uso. Saa ya ndoa mimi naikadiria hivi: mashine peke yake ingeuzwa kiasi gani, sanduku tupu lingeuzwa kiasi gani, najumlisha, nasimama hapo. Bei ya saa kamili siitaji tena.

Hii yangu nimeamua kuibakisha. Nimepata pendulamu ya sentimita 34, tuitundike. Hesabu pamoja nami kwa dakika moja... mia na kumi na sita. Pengo la chini linaonekana, acha lionekane. Na hapa nyuma ya mlango nabandika karatasi: "Mashine HAU 34/116. Sanduku la saa nyingine." Atakayeinunua baada yangu ataisoma kabla ya kutoa fedha yake.