Mashine ya kukodi: vitabu vinasema hivi, kodi inasema vile

Jamani karibuni, mlio nyuma sogeeni mbele kidogo. Kabla hatujaanza, neno kodi kwetu lina maana mbili, hela unayolipia kitu cha watu na hela ya serikali, na leo vyote viwili vimo ndani ya mada moja, kwa hiyo nikisema kodi namaanisha ya serikali tu, ile nyingine nitaiita malipo ya lizi.

Twende na mfano mmoja mwanzo mwisho. Una karakana, unataka mashine ya kukata chuma, mwenye mashine anakwambia ichukue kwa lizi miaka 5, kila mwisho wa mwaka nipe milioni 12, mwishoni narudi kuichukua mashine yangu. Ukienda kukopa hela benki unapewa kwa riba ya 10%. Watu wengi hapa wanafurahi, wanasema nikinunua kwa mkopo deni litaonekana kwenye mizania, nikikodi halionekani. Zamani ilikuwa hivo kweli, lakini kwa wanaofuata kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa lizi, IFRS 16, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2019, hiyo njia imefungwa kwa upande wa anayekodi.

Sasa unaandikaje? Unachukua yale malipo matano unayarudisha kwenye thamani ya leo kwa ile 10%, unapata karibu milioni 45.5. Siku mashine inaingia unaandika pande mbili: mali, yani haki ya kutumia mashine, milioni 45.5, na deni la lizi milioni 45.5. Mashine sio yako ila haki ya kuitumia ni yako, na hiyo haki ndo inachakaa, milioni 9.1 kila mwaka. Deni nalo linazaa riba, mwaka wa kwanza milioni 4.55, ukilipa zile 12 linabaki kama milioni 38.

Jumlisha uchakavu na riba, mwaka wa kwanza gharama kwenye vitabu ni milioni 13.65 wakati mfukoni zimetoka 12. Mwaka wa tano riba imeshuka mpaka milioni 1.09, gharama yote ni 10.19 na mfukoni zimetoka zilezile 12. Kwa miaka 5 yote jumla ni 60 kwa 60, kilichobadilika ni lini gharama inaonekana.

Kwenye kodi mambo ni mengine. Sheria za nchi nyingi haziangalii haki ya kutumia, kwa lizi ya kawaida kama hii zinakuruhusu kutoa kwenye faida malipo ya lizi yenyewe, milioni 12, na uchakavu wa kikodi, yani ule unaoruhusiwa na sheria ya kodi, anaudai mwenye mashine. Mimi nimeshakaa na hesabu za mteja ambaye alitoa zile 12, akatoa na uchakavu 9.1, akatoa na riba, wakaguzi wa kodi walipokuja alilipa na adhabu juu, iliniuma kwa sababu hakuwa mwizi, alikuwa amechapa tu kila kilichokuwa kwenye vitabu. Kwa hiyo kwenye hesabu ya kodi unaanza na faida ya vitabu, unarudisha 13.65, halafu unatoa 12. Tofauti ni milioni 1.65, kodi ikiwa 30% ni kama laki 5 unazolipa mapema, unaziandika kama kodi iliyoahirishwa, na miaka ya mwisho zinarudi. Mkataba ukiisha hiyo akaunti isipofika sifuri, jua kuna kitu umehesabu mara mbili.

Ukinunua kwa mkopo je, tuseme kwa hizohizo milioni 45.5? Marejesho ya mkopo wenyewe huyatoi kwenye kodi, unatoa riba na uchakavu wa kikodi. Sheria ikikupa tuseme 40% mwaka wa kwanza, hiyo ni milioni 18.2, ongeza riba 4.55, umetoa karibu 22.75 dhidi ya 12 za lizi. Ni nafuu kubwa, ila kama una faida! Ukiwa na hasara mwaka huo haikusaidii leo, na kwa karakana changa mimi naona lizi inakaa vizuri zaidi.

Angalieni pia mkataba unaosema mwishoni mashine inakuwa yako au unauziwa kwa bei ya kutupa. Nchi nyingi kikodi huo wanauona ni ununuzi, hutoi tena zile 12 zote, unatoa riba na uchakavu.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni kama anaweza kuandika mkataba wa mwaka mmoja mmoja ili deni lisionekane. Lizi isiyozidi miezi 12, isiyo na haki ya kununua, kweli inaruhusiwa kuandikwa kama gharama tu. Lakini kama mashine umeimwagia zege chini, umeifunga kwa bolti, umeivutia umeme wake, na kuihamisha kutasimamisha kazi wiki nzima, mkaguzi atakuuliza utaiachaje mwezi wa 12, na kama ni wazi utaongeza muda, hiyo miaka ya kuongeza nayo inaingia kwenye deni.