Sahihisha mwanga kabla ya LUT: klipu ya S-Log3 kutoka Kibosho

Habari zenu, karibuni. Leo tunafanya klipu moja tu, mwanzo hadi mwisho, na tutaifanya ndani ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Wengi mmeniuliza kwa nini mkiweka LUT juu ya klipu ya logi uso unakuwa mweusi ti au mbingu inakuwa nyeupe kama karatasi, wakati kwenye video za wenzetu inatoka vizuri. Jibu karibu kila mara ni lile lile: LUT imewekwa mahali sahihi, ila klipu imeingia ndani yake ikiwa na mwanga usio sahihi.

Hii hapa kwenye skrini ndiyo klipu yenyewe. Tuko Kibosho, juu ya Moshi, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima. Mzee anachuma kahawa kihambani kwake, amesimama kwenye kivuli cha migomba, na nyuma yake Kibo iko wazi, theluji inapigwa na jua. Imepigwa kwa kamera ya Sony, S-Log3 na S-Gamut3.Cine. Mwanzoni mwa klipu mzee ametushikia kadi ya kijivu kifuani kwa sekunde chache. Kadi hiyo ndiyo itakayotuongoza, kwa hiyo ukienda kupiga usiisahau nyumbani.

Mnaona picha ilivyopauka. Haijaharibika. S-Log3 inabana mwanga mwingi, kuanzia kivuli cha migomba hadi theluji ya juani, ili vyote viingie kwenye faili moja. LUT ni jedwali: inasoma kila rangi inayoingia na kutoa rangi nyingine iliyopangwa kwa skrini ya kawaida. Haiangalii picha, haijui huyu ni mzee na ule ni mlima. Kama kadi ya kijivu haipo kwenye namba ambayo jedwali linaitegemea, kila kitu kinasogea pamoja nayo.

Kabla ya yote, nenda kwenye Project Settings, kisha Color Management. Pale kwenye Color science acha DaVinci YRGB. Ukiwa umechagua DaVinci YRGB Color Managed, programu yenyewe inaweza kuwa tayari imeigeuza klipu, na ukiongeza LUT unaigeuza mara ya pili. Utaijua dalili yake: kontrasti kali kupita kiasi, rangi za ngozi zimeiva kama chungwa, vivuli vimezama.

Sasa fungua ukurasa wa Color. Tunahitaji nodi tatu zinazofuatana. Bonyeza Alt+S mara mbili, kwenye Mac ni Option+S, zitatokea mbili zaidi. Ya kwanza ni ya kusahihisha mwanga na rangi, ya pili ni ya LUT, ya tatu ni ya macho yetu. Mpangilio huu usiuguse, na nitawaonyesha sababu baada ya muda mfupi.

Kwenye nodi ya pili bonyeza kitufe cha kulia, nenda LUTs, halafu Sony, chagua `SLog3SGamut3.CineToLC-709`. Picha imebadilika papo hapo. Ina nyeusi, ina rangi, ila shati la mzee limepauka kwa mwanga na theluji imekuwa bapa, mistari ya mabonde yake haionekani. Hapa ndipo watu wengi wanakimbilia kushusha mwanga baada ya LUT. Ngoja kwanza.

Chagua nodi ya pili, bonyeza Ctrl+D kuizima, tuione klipu kama ilivyotoka kwenye kamera. Fungua Waveform, ile yenye kipimo cha 0 hadi 1023. Tafuta kadi ya kijivu. Kwenye S-Log3 kadi ya asilimia 18 iliyopigwa kwa mwanga kamili inakaa kwenye 420. Yetu imekaa kwenye 495 hivi. Stopu moja maeneo hayo ni kama namba 75, kwa hiyo tuliipiga kwa stopu moja juu. Ilikuwa makusudi, kwa sababu vivuli vya S-Log3 vina chembechembe nyingi ukivipiga gizani. Lakini jedwali halijui kuwa tulifanya makusudi.

Rudi kwenye nodi ya kwanza. Nenda kwenye gurudumu la Offset, shika kile kirola kilicho chini yake, kishushe polepole huku macho yako kwenye Waveform, mpaka kadi ishuke hadi 420. Tunatumia Offset kwa sababu kwenye logi kila stopu inachukua karibu nafasi ile ile, hivyo kusogeza picha nzima kwa namba moja ni karibu sawa na kufunga diafragma ya lenzi. Gain na Gamma hapa zitapinda mstari wa logi, na LUT itapokea kitu ambacho si S-Log3 tena.

Tazama theluji kwenye Waveform. Ilikuwa karibu na 830, sasa iko karibu na 755. Chagua nodi ya pili, washa LUT tena kwa Ctrl+D. Mabonde ya theluji yamerudi, shati la mzee lina nyuzi zake, na uso wake una umbo.

Sasa niwaonyeshe ile sababu. Narudisha Offset ilivyokuwa, halafu nashusha Gain kwenye nodi ya tatu, yaani baada ya LUT, mpaka uso ulingane na ule wa awali. Angalia theluji. Imekuwa ya kijivu, kama ukuta uliopakwa chokaa chafu, na mabonde bado hayapo. LUT ilishazibana zile sehemu angavu juu kabisa kwenye kinafasi kidogo, na ukizishusha baadaye zinashuka zikiwa zimebanwa vile vile. Naifuta hii, narudi kwenye kadi ya 420.

Na kama kwenye klipu yako theluji au mbingu, hata kabla ya LUT, inaonekana kwenye Waveform kama mstari mmoja ulionyooka kabisa juu, hapo kamera yenyewe ndiyo ilikata. Hakuna nodi itakayorudisha.

Twende kwenye rangi, bado tupo nodi ya kwanza. Badilisha Waveform iwe Parade. Kwenye kadi, kijani kiko juu ya nyekundu na bluu. Ni majani ya migomba, mwanga umepita humo ukachukua ukijani. Kwenye Offset shusha namba ya kijani mpaka mistari mitatu ya kadi ilingane. Kadi sasa ni ya kijivu safi.

Lakini toa macho kwenye kadi, angalia mlima. Theluji imeingia upinki. Mzee yuko kivulini, mlima uko juani, ni mianga miwili tofauti, na sahihisho moja haliwezi kuitosheleza yote. Hapa vipimo vinaishia, na macho yanaanza kazi. Mimi narudisha kijani karibu nusu ya njia. Uso unabaki na ukijani kidogo sana, na hilo ni kweli kabisa: mtu aliyesimama chini ya migomba ana ukijani. Ukiutoa wote anaonekana kama amepigwa studio na mlima ukabandikwa nyuma.

Kabla ya nodi ya tatu, angalia chumba chako. Kama dirisha liko mbele yako na jua la mchana linapiga kwenye skrini, utainua vivuli mno, na usiku utashangaa. Zima ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano. Na jambo la kwetu: umeme ukikatika na laptop ikahamia kwenye betri, nyingi hupunguza mwanga wa skrini zenyewe. Usiendelee kurekebisha hapo, utakuwa unafidia giza la skrini, siyo la picha. Zuia upunguzaji huo kwenye mipangilio, au subiri.

Nodi ya tatu. Nianze na uso, kwa sababu mtazamaji naye ataanza na uso. Nasogeza Gamma juu kidogo tu. Natazama chini ya ukingo wa kofia: macho yanaonekana, mikunjo pembeni ya macho inasomeka, ule mng'ao kwenye shavu bado upo. Nikiendelea kupandisha, shavu linaanza kuwa la majivu. Hapo nimepita, narudi nyuma. Mafunzo mengi ya nje yanakuambia ngozi ikae asilimia 60 hadi 70 ya Waveform. Namba hizo zimetokana na ngozi nyeupe. Ngozi ya mzee huyu ikifika huko inapoteza rangi yake yote. Yetu imekaa kati ya 350 na 450 kwenye kile kipimo cha 1023, na ni nzuri. Kinachoonyesha umbo la ngozi nyeusi ni mng'ao wake, kwa hiyo linda mng'ao huo kuliko namba.

Halafu Lift, naishusha chembe, mpaka ndani ya kichaka cha mibuni pawe peusi kweli lakini majani ya mbele yatofautiane. Na buni mbivu zile nyekundu mkononi mwake, LUT imezipandisha mno, zinawaka na duara lake limepotea. Nashusha Saturation kutoka 50 hadi 46. Sasa kila tunda lina upande wa mwanga na upande wa kivuli.

Kuna wanaopunguza nguvu ya LUT yenyewe kwenye Key Output, wakiona kali. Mimi sifanyi. Unachopata ni nusu picha iliyogeuzwa, nusu logi, na weusi unageuka ukungu. Kama LUT ni kali, lainisha kwa Contrast kwenye nodi ya tatu.

Simama, angalia nje ya dirisha dakika moja, macho yakishazoea picha hayaoni kosa. Rudi, bonyeza Shift+D kuzima na kuwasha marekebisho yote. Ukiona kitu kimoja kinakurukia usoni kabla ya uso wa mzee, hicho punguza.

Angalia pia mbingu karibu na kilele. Kamera ya biti 8 ina ngazi 256 tu, na kwenye S-Log3 kati ya nyeusi na nyeupe ya kawaida zinatumika kama 126. LUT ikizivuta, mbingu inatoa mistari kama ngazi. Kwa kamera ya namna hiyo, afadhali usipige S-Log3 kwenye mbingu tupu. Tumia mpangilio wa kawaida wa kamera.

Klipu zinazofuata za asubuhi hiyo hiyo: bonyeza kulia kwenye picha, Grab Still, nenda klipu nyingine, bonyeza kulia kwenye ile picha ya Gallery, Apply Grade. Nodi ya pili na ya tatu ziache zilivyo. Nodi ya kwanza ifungue kila mara, zima kwa muda nodi ya pili na ya tatu, tafuta kadi, irudishe 420, kisha ziwashe tena, kwa sababu wingu likipita mbele ya jua mwanga wa kihambani unabadilika ndani ya dakika.