Hii "ambapo" ina maana gani hapa?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, Dodoma. Nimeuandika kama nilivyousema, nikiondoa tu pale nilipokohoa kwa vumbi.)

Habari za asubuhi. Wa nyuma mnanisikia? Upepo wa hapa kwetu nao unataka kutoa mhadhara, naomba mtu afunge lile dirisha. Asante, dada.

Kazi yangu ni uhariri. Nasoma tasnifu na ripoti siku nzima, nyingi za Kiswahili, na kalamu yangu huisha wino kwa neno moja: ambapo. Leo nitalishika hilo, maana ukijua kulifungua utajua kuifungua sentensi yoyote ndefu.

Mwanafunzi mmoja aliniletea sura yake ya pili, na ameniruhusu niitumie hapa bila kumtaja. Nawasomea sentensi moja, mniambie nikifika mwisho mnakumbuka nini.

"Mradi wa hifadhi ya ardhi ambao ulianza mwaka 1973 katika Mkoa wa Dodoma ambapo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umeharibu maeneo mengi, hususan Kondoa, ulilenga kurejesha uoto wa asili, jambo ambalo lilisababisha mifugo kuondolewa mwaka 1979 katika eneo ambalo lilikuwa limeathirika zaidi, ambapo uoto ulianza kurejea, ingawa wafugaji ambao walitegemea malisho hayo walilazimika kuhamishia mifugo yao katika maeneo mengine ambayo hayakuwa yamefungwa."

(Kicheko.) Mnacheka, lakini kila mmoja wenu anayo ya hivi kwenye kompyuta yake. Ina maneno 61 na amba saba. Kisarufi haina kosa, mwalimu wa shule angeipa alama ya vema. Mzee yeyote wa Kondoa anaijua habari hiyo, mradi wenyewe ni HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Lakini mpe mzee huyo sentensi hii aisome, atakuuliza: kwani ilikuwaje?

Mimi huanza hivi. Nachukua penseli natafuta kitenzi ambacho hakikuvaa amba wala O-rejeshi, na hakitanguliwi na "ingawa", "kwa kuwa" au ndugu zao. Hicho ndicho kitenzi cha kishazi huru. Hapa kipo kimoja tu, "ulilenga". Mhusika wake ni "mradi wa hifadhi ya ardhi", na kati ya mhusika na kitenzi chake kuna maneno 18. Msomaji amebeba mradi kichwani kama ndoo ya maji, anapanda nao mlima, hajui atautua wapi.

Kisha nazungushia duara kila kiungo: ambao, ambapo, jambo ambalo, ambalo, ambapo, ingawa, ambao, ambayo. Hapo sikati kitu bado. Kwa kila duara naandika pembeni, kwa neno moja, uhusiano uliopo kati ya kilichotangulia na kinachofuata: mahali, wakati, sababu, tokeo, lengo, kinyume. Nikishindwa kuandika neno hilo, ujue tatizo halipo kwenye urefu wa sentensi.

Ambapo ya kwanza ilionekana rahisi, mahali. Dodoma, ambapo kuna mmomonyoko. Lakini mwandishi hakuutaja mmomonyoko ili tujue Dodoma iko wapi. Aliutaja kwa sababu ndio ulioleta mradi. Kwa hiyo pembeni tukaandika "sababu".

Tukafika "jambo ambalo lilisababisha". Nikamuuliza, jambo lipi? Akasema, lile lengo la kurejesha uoto. Sawa, lengo linaweza kuondoa ng'ombe? Lengo halina fimbo. Watu waliamua kuondoa mifugo ili lengo litimie. Basi uhusiano ni lengo, siyo tokeo. Jihadharini na "jambo ambalo". Linakubali kusimama nyuma ya kitu chochote, hata pale ambapo hakuna jambo.

Ambapo ya pili ndiyo iliyotukalisha nusu saa. "Mifugo kuondolewa… ambapo uoto ulianza kurejea." Nikamwambia, chagua. Ni "katika eneo hilo uoto ulianza kurejea"? Ni "baada ya hapo"? Ama ni "kwa sababu hiyo"? Akanyamaza. Akasema, "Mwalimu, mimi nilijua tu kwamba vyote viwili vilitokea." Sasa, hiyo ni tofauti kubwa katika utafiti. "Baada ya hapo" inahitaji tarehe tu. "Kwa sababu hiyo" inahitaji ushahidi kwamba ni kuondoka kwa mifugo, siyo mvua nzuri, siyo makinga maji, siyo kitu kingine, kulikorejesha majani. Ambapo ilimruhusu asichague. Katika sura ile hakuwa ameweka ushahidi huo, basi tukaandika alichoweza kukisimamia.

Hii ndiyo sura iliyotoka:

"Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973. Ulilenga kurejesha uoto wa asili, kwa sababu mmomonyoko wa udongo ulikuwa umeharibu maeneo mengi ya mkoa, hususan Kondoa. Ili kufikia lengo hilo, mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililokuwa limeathirika zaidi. Baada ya hapo uoto ulianza kurejea. Hata hivyo, wafugaji waliotegemea malisho hayo walilazimika kuhamishia mifugo yao katika maeneo mengine ambayo hayakuwa yamefungwa."

Hesabuni maneno. Ni 61 yale yale. Anayewaambia kwamba sentensi fupi ni kupunguza maneno hajakaa na kazi hii. Kilichopungua ni mzigo wa mara moja, na kilichoongezeka ni viunganishi vinavyosema wazi: kwa sababu, ili, baada ya hapo, hata hivyo. Angalieni pia kwamba "Baada ya hapo uoto ulianza kurejea" ina maneno sita tu. Hilo lilikuwa jambo zito kuliko yote, na kule mwanzo lilikuwa limefukiwa kati ya amba mbili.

Ndiyo, kaka, uliza.

(Swali: Mbona umeacha "ambayo hayakuwa yamefungwa" mwishoni?)

Nilijua mtu atanikamata. Kwanza ni sarufi. O-rejeshi ndani ya kitenzi inakubali wakati uliopita, uliopo na ujao: waliotegemea, wanaotegemea, watakaotegemea. Haikubali -me-, na haikubali ukanushi wa wakati uliopita. Huwezi kuibana "hayakuwa" ikabeba rejeshi, amba ndiyo njia ya kawaida. Ndiyo maana pia nilisema "lililokuwa limeathirika", nikaipeleka rejeshi kwenye "kuwa". Wanaoagizwa wafute kila amba huishia kuandika vitu ambavyo bibi yao asingevitamka.

Pili, na hii ni kubwa zaidi, kishazi kile kinajibu swali "gani?". Maeneo gani? Yale ambayo hayakuwa yamefungwa. Kishazi kinachojibu "gani?" usikikate. Kinachojibu "na kisha?" au "kwa nini?" ndicho cha kukata. Nitawaonyesha kinachotokea ukikosea.

"Wakulima ambao walipata mbegu ya mtama ya muda mfupi walivuna kabla ya mvua kukatika." Mwanafunzi mwingine, mwenye bidii kupita kiasi, akaifanya hivi: "Wakulima walipata mbegu ya mtama ya muda mfupi. Kwa hiyo walivuna kabla ya mvua kukatika." Inasomeka vizuri, sivyo? Lakini sasa kijiji kizima kimepata mbegu! Wale wasiopata, ambao ndio kundi lake la kulinganisha, wamefutika. Na "kwa hiyo" imeongeza sababu ambayo sentensi ya kwanza haikuidai. Kiswahili hakina alama ya uhakika ya kutofautisha vishazi hivi viwili, mkato wetu kila mtu anauweka anapopumua. Kwa hiyo swali la "gani?" lazima uliulize kwa mdomo kabisa.

Kuna hatari nyingine inayofanana na hiyo. "Wazee waliohojiwa walisema kwamba mvua zilichelewa, hali iliyowafanya wapande mara mbili." Ukikata: "Wazee waliohojiwa walisema kwamba mvua zilichelewa. Hivyo walipanda mara mbili." Sentensi ya pili sasa ni yako wewe mtafiti, umeithibitisha, ukaguzi wa mashamba umefanya lini? Andika "Kwa maelezo yao, ndiyo sababu walipanda mara mbili." Mwavuli wa "walisema" haufiki upande wa pili wa nukta.

Nirudi kidogo kwenye amba, kuna jambo la ngeli. Tunajivunia kwamba Kiswahili kinaonyesha rejeshi inarejea wapi, na kweli, "kitabu cha sera ambacho" hakina utata. Lakini maneno ya kitaaluma mengi yameangukia ngeli moja: sera, ripoti, taarifa, tathmini, data, nadharia, mbinu, sampuli. Mji huu una ofisi nyingi za serikali, basi kila siku nakutana na "taarifa ya tathmini ya sera ambayo ilitolewa mwaka jana". Nini kilitolewa? Vyote vitatu vinakubali "ambayo". Ukivunja sentensi kama hiyo, usiandike "Ilitolewa mwaka jana", utakuwa umehamisha utata kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Rudia nomino: "Tathmini hiyo ilitolewa mwaka jana." Kurudia neno kunawaudhi walimu wa insha, mimi hakuniudhi.

Dakika zinanikimbia, basi nitaje kosa moja tu la viunganishi vyenyewe. "Kwa sababu" na "kwa sababu hiyo" zinatazama pande tofauti. Ya kwanza inageuka nyuma kwenye chanzo, ya pili inakwenda mbele kwenye tokeo. "Mvua zilikatika Februari. Kwa sababu hiyo mavuno yalishuka." Hiyo iko sawa. "Mavuno yalishuka. Kwa sababu mvua zilikatika Februari." Hapo umeacha kishazi tegemezi kimesimama peke yake, kama mtu aliyeshushwa njiani na basi la Kondoa usiku. Kirudishe ndani, mkato badala ya nukta. Na tafadhali, siyo kila sentensi ivae kiunganishi kichwani. Nimesoma aya yenye "aidha" tano, na mbili kati yake mwandishi alimaanisha "ama". Mambo yakifuatana kwa wakati, mpangilio wenyewe unatosha.

Haya. Kwenye karatasi mliyopewa kuna sentensi ya zabibu za Hombolo, ina ambapo tatu. Msikate kwanza. Zungusheni duara, andikeni pembeni neno la uhusiano. Nawaambia mapema kwamba moja kati ya hizo tatu mimi mwenyewe nilishindwa kuiandikia neno, ikabidi nimpigie simu mwandishi. Mna dakika kumi, mnipe na namba ya ambapo hiyo.