Pesa za aliyekufa zinakwenda wapi? Mhadhara kuhusu pensheni ya kununuliwa

(Maneno haya yalitolewa Mombasa mbele ya wafanyakazi walio karibu kustaafu.)

Mabibi na mabwana, nianze na swali ambalo huulizwa kila ninapozungumzia jambo hili. Mzee mmoja husimama na kusema: “Unaniambia niipe kampuni ya bima milioni 6 zangu, inilipe kila mwezi mpaka nife. Je, nikifa mwaka ujao, pesa zangu atazila nani?”

Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu waziwazi: watazila wenzako walio hai. Kampuni inachukua faida yake, lakini kimsingi pensheni hii, ambayo watu wa bima wanaiita anuiti, husimama juu ya jambo hilo moja.

Chukueni wazee kumi wa miaka 85. Kila mmoja anatia shilingi 100,000 kwenye kapu moja, na kapu linapata faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka mna 1,080,000. Kama kila mtu angeweka zake peke yake, angekuwa na 108,000. Lakini katika umri huo, tuseme mmoja kati ya kumi hatamaliza mwaka. Wanabaki tisa, na kila mmoja anapata 120,000. Zile 12,000 za ziada haziwezi kutoka benki wala kwenye hati za serikali, kwa sababu zimetoka kwa mwenzao aliyetangulia, na alikubali hivyo tangu mwanzo kwa kuwa hakujua kama atakuwa yeye au mwingine.

Sasa rudieni hesabu hiyo kwa watu 100 wa miaka 60, afe mmoja. Ziada kwa kila aliyebaki ni kama 1,100 tu. Kwa hiyo kapu hili huwa na nguvu ndogo mtu akiwa bado kijana wa kustaafu, na nguvu yake hukua kadiri umri unavyosonga. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Mbona basi mtu asitafute tajiri mmoja amlipe mpaka kufa? Ufaransa wanao utaratibu kama huo wa kununua nyumba ya mzee. Mwaka 1965, katika mji wa Arles, wakili André-François Raffray alikubali kumlipa Bi. Jeanne Calment faranga 2,500 kila mwezi ili airithi nyumba yake. Bibi alikuwa na miaka 90, wakili 47. Wakili alifariki mwaka 1995 akiwa bado analipa, familia yake ikaendelea, na bibi akafariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Malipo yalikuwa yamepita mara mbili ya thamani ya nyumba. Wakili hakukosea sana kukisia. Kosa lake lilikuwa kubeba uhai wa mtu mmoja tu. Angekuwa na mikataba ya vikongwe 1,000, waliokufa mapema wangemfidia huyu mmoja.

Na wewe unayeweka milioni zako peke yako na kujilipa uko pale pale alipokuwa wakili, ila uhai unaoubeba ni wako.

Tufanye hesabu ya kwetu. Bwana mmoja anastaafu akiwa na miaka 60, skimu ya kazini ina milioni 9. Kwa skimu za pensheni hapa Kenya, anaweza kuchukua theluthi kwa mkupuo, yaani milioni 3. Milioni 6 zilizobaki zina njia mbili: anunue anuiti, au aziache kwenye mfuko wa kuchota kidogo kidogo. Mfuko huo una masharti yake. Hudumu angalau miaka kumi, na kwa mwaka huruhusiwi kuchota zaidi ya asilimia 15 ya salio.

Tuseme anuiti inampa 55,000 kwa mwezi. Anaona ni kidogo, anachagua mfuko, anachota 60,000. Mfuko unapata asilimia 8. Kwa miaka mitano mambo ni mazuri. Mwaka wa sita salio limeshuka hadi kama milioni 4.6, na asilimia 15 ya hiyo haifiki tena 720,000 kwa mwaka. Anapunguziwa mpaka kama 57,400 kwa mwezi. Akiendelea kuchota kiwango cha juu, salio linapungua kwa asilimia 7 kila mwaka. Akifika miaka 80 anapokea kama 19,300. Akifika 85, kama 13,400. Mfuko haujaisha, kwa hiyo hakuna siku ya kengele kulia. Unakauka taratibu, hasa wakati dawa zimekuwa nyingi. Mwenzake wa anuiti bado anapokea 55,000.

Lakini akifa akiwa na miaka 66, mfuko unawaachia warithi zaidi ya milioni 4. Anuiti yenye dhamana ya miaka 10 ingewaachia malipo ya miaka minne iliyobaki, kama milioni 2.6. Isiyo na dhamana ingewaachia sifuri. Kwa hiyo mwenye maradhi mazito, au ambaye haja yake kubwa ni kuwaachia watoto, anuiti haimfai, na asikubali kushawishiwa.

Kwa mwenye afya, mimi nina maoni yangu, na yanatoka kwenye lile kapu. Kwa kuwa nguvu yake huja uzeeni, si lazima kuinunua siku ya kustaafu. Chota kwa kiasi katika ile miaka kumi, asilimia 8 au 9 badala ya 12 za yule bwana, kisha ukifika miaka 70 nunua anuiti kwa salio. Hatari yake ni kwamba bei za siku hiyo huzijui, na mfuko unaweza kupata mwaka mbaya.

Jambo jingine ni mfumuko wa bei. Ile 55,000 haisogei. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 itanunua vitu vya kama 27,000 za leo. Ipo anuiti inayoongezeka, tuseme asilimia 5 kila mwaka, ila huanzia chini, labda 37,000. Itaipita ile ya 55,000 baada ya nyongeza ya tisa. Wengi hutazama tarakimu ya kwanza tu wakakimbilia kubwa. Kumbe tunanunua ulinzi wa umri wa miaka 80 na kitu, na huko ndiko ile isiyosogea inapokuwa dhaifu.

La mwisho linaniuma. Mjomba wangu alinunua anuiti ya maisha yake peke yake, dhamana miaka 10, kwa sababu ilikuwa juu kidogo kuliko ile ya watu wawili. Alifariki mwaka wa kumi na moja. Mwezi uliofuata mke wake hakupokea chochote, na hapakuwa na la kurekebisha, maana mkataba huu ukishaanza kulipa hauvunjwi. Dhamana huhesabu miaka, haimhesabu mke. Ile ya watu wawili ndiyo humfuata aliyebaki, kwa malipo kamili au nusu, kama mlivyoandikiana. Kwa hiyo mnapoomba bei, ombeni karatasi mbili: moja kwa jina lako, moja kwa majina yenu wawili, yenye tarehe ya kuzaliwa ya mwenzako. Mkae naye mzisome pamoja kabla hujatia sahihi.